Kutoka Aya hadi Orodha: Upatanisho wa Kisarufi na Uchopoaji wa Fasili za Istilahi katika Matini za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchopoa istilahi zilizofasiliwa ndani ya aya za mjazo na kuziweka katika orodha ya istilahi na fasili zake. Hoja yake kuu ni kwamba katika Kiswahili kazi hii haiwezi kuwa ya kunakili sentensi tu, kwa sababu sehemu kubwa ya fasili hubebwa na upatanisho wa kisarufi, na upatanisho huo hupoteza nguvu mara sentensi inapotengwa na jirani zake. Aya moja ya mofolojia inachambuliwa hatua kwa hatua ili kuonesha jinsi tabaka la dhana linavyofichwa na viwakilishi, jinsi mzunguko wa fasili unavyovumilika katika aya lakini ukaumbuka katika orodha, na jinsi mpaka wa matumizi ya istilahi unavyoweza kupotea. Makala yanapendekeza majaribio mawili ya kuthibitisha orodha kabla ya kuikubali.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huwa na sehemu inayoitwa Ufafanuzi wa Istilahi, Maana ya Istilahi au Fasili ya Istilahi. Vitabu vya kiada navyo mara nyingi humalizika kwa orodha ya aina hiyo. Katika diwani na tamthiliya sehemu inayofanana nayo huitwa sherehe, ingawa kazi ya sherehe ni tofauti kidogo: huyaeleza maneno magumu kama yalivyotumiwa na mtunzi mahali fulani, na haidai kutoa fasili ya dhana. Neno faharasa nalo hutumiwa na baadhi kwa orodha ya istilahi na wengine kwa orodha ya mada na kurasa zake. Ili kuepuka mkanganyiko huo, makala haya yanatumia jina orodha ya istilahi.

Katika kusoma rasimu za wanafunzi wa uzamili kwa miaka mingi, nimeona kuwa orodha hizi huandikwa mwisho, kwa haraka, na kwa njia ileile. Mwandishi hurudi kwenye sura zake, hutafuta kila mahali alipoandika "ni" au "huitwa", hunakili sentensi, kisha huzipanga kialfabeti. Matokeo yake huonekana nadhifu. Lakini mtahini anapouliza swali moja tu juu ya fasili mojawapo, mtahiniwa hujikuta akitetea kauli ambayo katika sura yake ilikuwa sahihi, na katika orodha yake imekuwa kosa. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba yameondolewa mahali yalipokuwa yanapata maana yake.

Makala haya yanajiuliza ni nini hasa kinachopotea katika safari hiyo, na mwandishi afanye nini ili kisipotee.

2.0 Fasili ndani ya aya na fasili ndani ya orodha

Mapokeo ya kimantiki tangu Aristotle yanaitaka fasili iwe na sehemu mbili. Ya kwanza hutaja tabaka pana ambalo dhana imo ndani yake, na ya pili hutaja sifa bainifu zinazoitenga dhana hiyo na wenzake wa tabaka lilelile. Kiwango cha kimataifa cha ISO 704, kinachohusu kazi ya istilahi, kinafuata njia hiyohiyo. Katika orodha ya istilahi sehemu zote mbili lazima zionekane katika maneno, kwa kuwa msomaji hufika pale moja kwa moja, bila kupitia ukurasa uliotangulia.

Aya haina sharti hilo. Ndani ya aya tabaka linaweza kutajwa katika sentensi ya kwanza, sifa bainifu katika ya tatu, na istilahi yenyewe ikaja mwisho wa ya nne. Kinachoziunganisha sehemu hizo ni viwakilishi, vivumishi vya kuonesha, viambishi rejeshi na ukinzani wa sentensi moja na nyingine. Mwandishi mzuri huandika hivyo kwa makusudi, maana kurudia nomino ileile katika kila sentensi humchosha msomaji.

Miundo ambayo fasili hujitokeza nayo katika Kiswahili cha kitaaluma si mingi. Upo muundo wa "ni", ambao hutanguliza istilahi. Upo wa "huitwa" na "hujulikana kama", ambao hutanguliza maelezo na kuleta istilahi mwishoni. Upo wa "yaani", ambao hubandika maelezo baada ya istilahi au istilahi baada ya maelezo. Upo pia wa masharti, kama "A ikiungana na B tunapata C". Kuitafuta miundo hiyo ni hatua nzuri ya kukusanya malighafi, lakini haitoshi kuamua kipi ni fasili. "Yaani" mara nyingi huleta mfano au kisawe, na "ndio" huweza kuleta kipimo cha kutambua kitu badala ya fasili yake. Tutayaona yote mawili katika aya ifuatayo.

3.0 Aya ya mfano

Aya hii niliitunga kwa ajili ya mhadhara wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa muda mrefu sikuona kasoro yake. Nimezipa sentensi nambari ili zirejelewe kwa urahisi.

> (1) Neno *wanapigana* linaweza kukatwa katika sehemu *wa-na-pig-an-a*, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kukatwa tena bila kupoteza maana yake au kazi yake ya kisarufi. (2) Sehemu za namna hii huitwa mofimu. (3) Ile inayobeba maana ya msingi, yaani *-pig-*, ni mzizi, na zile zinazopachikwa kabla au baada yake ni viambishi. (4) Mzizi ndio unaobaki viambishi vyote vinapoondolewa. (5) Mzizi ukiungana na kiambishi cha unyambulishaji tunapata shina, kwa mfano *-pigan-*. Hapa hatuihesabu irabu tamati kuwa sehemu ya shina. (6) Mofimu moja inaweza kujitokeza kwa maumbo tofauti kutegemea mazingira yake: *m-* katika *mtu*, *mw-* katika *mwalimu* na *mu-* katika *muuguzi*. (7) Maumbo hayo ni alomofu, yaani sura za mofimu moja.

Aya ina istilahi tano zilizofasiliwa: mofimu, mzizi, kiambishi, shina na alomofu. Tuseme mwandishi amezichopoa kwa njia ya kunakili. Atapata orodha inayokaribiana na hii:

- Alomofu: Sura za mofimu moja.
- Kiambishi: Zile zinazopachikwa kabla au baada ya mzizi.
- Mofimu: Sehemu za namna hii.
- Mzizi: Ile inayobeba maana ya msingi, ndio unaobaki viambishi vyote vinapoondolewa.
- Shina: Mzizi ukiungana na kiambishi cha unyambulishaji.

Kasoro ya "sehemu za namna hii" inaonekana kwa macho, na hakuna mwandishi atakayeiacha. Hatari iko katika zile nne nyingine, kwa sababu zinasomeka.

4.0 Kinachofichwa na upatanisho

4.1 Tabaka lililopotea

Tuanze na mzizi. Sentensi ya (3) inasema "ile inayobeba maana ya msingi". Kionyeshi *ile* na kiambishi *i-* katika *inayobeba* vinatuambia kwamba nomino inayorejelewa ni ya ngeli ya 9, umoja. Ndani ya aya hatuhitaji zaidi ya hapo. Katika orodha tunahitaji nomino yenyewe, na hapo ndipo tatizo linapozuka, kwa kuwa aya imetaja nomino mbili za ngeli hiyo zinazofaa: *sehemu*, katika sentensi ya (1) na ya (2), na *mofimu*, katika ya (2). Upatanisho unazikubali zote mbili kwa usawa. Sarufi haiwezi kutuamulia. Inabidi tuamue kwa kuzingatia maana.

Uamuzi huo si wa mtindo tu. Tukirejesha *sehemu*, tunapata "sehemu ya neno inayobeba maana ya msingi". Tukirejesha *mofimu*, tunapata "mofimu inayobeba maana ya msingi". Sasa tuipime kauli ya kwanza kwa umbo *-pigan-*. Je, *-pigan-* ni sehemu ya neno *wanapigana*? Ndiyo. Je, imebeba maana ya msingi? Ndiyo, kwani *-pig-* imo ndani yake. Basi kwa fasili hiyo *-pigan-* ni mzizi, na shina limekosa mpaka. Kauli ya pili haina tundu hilo, kwa sababu *-pigan-* ni mofimu mbili, si moja. Kwa hiyo nomino sahihi ni *mofimu*. Mwanafunzi anayejaza pengo kwa neno la kwanza linalomjia, na *sehemu* ndilo linalotangulia kutajwa katika aya, amebadilisha nadharia bila kujua.

Hali hii itajirudia mara kwa mara katika matini za isimu, kwa kuwa msamiati wake umejaa nomino za ngeli ya 9/10: sehemu, sauti, silabi, mofimu, fonimu, irabu, konsonanti, sentensi, dhana, maana. Aya moja inaweza kuwa na tatu au nne kati ya hizo, na kila *ile*, *hii* na *inayo-* ikawa na wagombea kadhaa. Kinyume chake, fasili inayorejelea *kipashio* au *umbo* haitatanishi sana, kwa sababu *kile* na *lile* zina wagombea wachache. Mchopoaji anayejua hili atajua pia mahali pa kuweka tahadhari: penye kirejeshi cha ngeli ya 9/10, asirejeshe nomino kabla ya kuorodhesha zote zinazowezekana na kuzijaribu moja moja.

Sentensi ya (5) ina aina nyingine ya upotevu. Muundo wake ni wa masharti: "Mzizi ukiungana na kiambishi cha unyambulishaji tunapata shina." Hapa tabaka halikufichwa na upatanisho; halipo kabisa. Sentensi inaeleza tukio, na istilahi ni zao la tukio hilo. Ni lazima nomino ya tabaka iletwe kutoka nje ya sentensi. *Mofimu* haiwezi kufaa, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. *Sehemu ya neno* inafaa, na tayari imetumika katika aya, hivyo hatumlazimishi mwandishi kukubali dhana asiyoitumia.

4.2 Wingi na umoja

Muundo wa "huitwa" hupenda wingi. Mwandishi huonesha mifano kadhaa, kisha huipa jina kwa pamoja: "sehemu za namna hii huitwa mofimu", "maumbo hayo ni alomofu". Kidahizo katika orodha, kwa desturi, huwa katika umoja. Kubadilisha kiambishi cha ngeli ni jambo jepesi, lakini wingi wakati mwingine ni sehemu ya maana. "Sura za mofimu moja" ni kauli inayohitaji wingi: alomofu ni alomofu kwa kuwa ina wenzake. Tukiandika tu "sura ya mofimu moja" tumeupoteza uhusiano huo, na hakuna kinachomzuia msomaji kudhani kwamba alomofu ni jina jingine la umbo lolote la mofimu. Umoja unaotakiwa ni ule unaoukumbuka wingi: "umbo mojawapo kati ya maumbo tofauti ya mofimu moja".

Ni hapa pia tunapoona udhaifu wa "yaani". Maelezo yaliyobandikwa baada yake katika sentensi ya (7) ni mafupi mno. Sifa bainifu, yaani kule kutegemea mazingira, imeachwa katika sentensi ya (6). Anayechopoa sentensi ya (7) peke yake amechukua jina la utani la dhana akaiacha fasili. Katika sentensi ya (3) "yaani" hiyohiyo imeleta mfano tu. Kanuni salama ni kuisoma sentensi iliyotangulia kila "yaani" inapotokea, na kuuliza kama sifa bainifu imetajwa huko.

4.3 Ukinzani

Kiambishi kimefasiliwa kwa *zile*, na *zile* inapingana na *ile* iliyotangulia. Ukinzani huo unasema jambo ambalo maneno hayakulitamka: kwamba viambishi ni mofimu zilizobaki baada ya mzizi kutajwa. Ukiondoka, fasili inabaki "mofimu inayopachikwa kabla au baada ya mzizi". Tuipime kwa neno *mwanajeshi*, lenye mizizi miwili. Mzizi wa *jeshi* umekaa baada ya mzizi wa *mwana*, na kwa fasili iliyopunguka hakuna kinachouzuia kuhesabiwa kuwa kiambishi. Ndani ya aya kosa hilo lisingetokea, kwa sababu *ile* na *zile* zimegawa mofimu mafungu mawili. Katika orodha mgawanyo huo lazima utamkwe: "mofimu isiyo mzizi".

5.0 Mzunguko na mpaka wa matumizi

Sentensi ya (4) inastahili kuangaliwa peke yake. "Mzizi ndio unaobaki viambishi vyote vinapoondolewa" ina sura zote za fasili. Tena ni kauli inayopendwa sana madarasani, kwa sababu inampa mwanafunzi jambo la kufanya: ondoa hiki, ondoa kile, kinachobaki ndicho. Lakini kiambishi nacho kimefasiliwa kwa kutumia mzizi. Ili kujua mzizi ni nini, nijue kwanza viambishi. Ili kujua viambishi, nijue kwanza mzizi.

Kwa nini aya inauvumilia mzunguko huu? Kwa sababu mfano *-pig-* tayari umekwisha kutolewa. Msomaji anapofika sentensi ya (4) ana mzizi mmoja mkononi, na anaichukua kauli ile kama njia ya kuupata mwingine. Kazi ya sentensi ni kipimo cha kutambulia, wala si fasili. Ikiwekwa katika orodha kama fasili, au ikiunganishwa na fasili kwa mkato kama ilivyo katika orodha ya kwanza hapo juu, hubadilika kuwa duara. Mwandishi ana njia mbili. Anaweza kuiacha katika aya, au kuihamishia kwenye sehemu ya maelezo iliyo chini ya fasili, ikiwa na alama inayoitambulisha kuwa ni kipimo.

Hapa orodha inatoa faida ambayo aya haiwezi kuitoa. Ilinichukua miaka kadhaa kugundua kwamba aya yangu ina fasili mbili za mzizi, moja inayosimama na nyingine inayozunguka. Sikuigundua kwa kuisoma tena. Niligundua siku nilipojaribu kuitengenezea orodha.

Sentensi ya (5) inaleta suala la mpaka. "Hapa hatuihesabu irabu tamati kuwa sehemu ya shina" ni tamko la mwandishi juu ya matumizi yake mwenyewe. Wapo wanaisimu wanaoihesabu irabu tamati ndani ya shina, na msomaji aliyezoea matumizi hayo ataiona *-pigana* kuwa ndiyo shina. Neno *hapa* lina maana ndani ya aya tu. Katika orodha halina pa kuelekeza, na mchopoaji wa haraka hulifuta pamoja na sentensi nzima. Hapo uamuzi wa mwandishi mmoja hugeuka kuwa dai juu ya lugha. Namna ya kuuhifadhi ni kuutaja mpaka waziwazi: "katika kazi hii".

Sentensi hiyohiyo inazua swali ambalo mchopoaji hana haki ya kulijibu peke yake. Inasema "kiambishi cha unyambulishaji", kwa umoja. Je, *-piganish-*, yenye viambishi viwili vya unyambulishaji, ni shina au si shina? Aya imenyamaza. Ikiwa mchopoaji ndiye mwandishi, aamue na airekebishe aya pia. Ikiwa ni mhariri, amuulize mwandishi. Katika mfano wetu mwandishi ni mimi, na jibu langu ni kwamba linahesabika; kwa hiyo fasili itasema "kimoja au zaidi", na sentensi ya (5) katika mhadhara nayo imebadilishwa ipasavyo. Orodha na aya zikitofautiana, msomaji hana njia ya kujua ipi ndiyo kauli ya mwandishi.

6.0 Orodha iliyorekebishwa na majaribio yake

Baada ya kurejesha tabaka, ukinzani na mpaka, orodha inakuwa hivi. Nambari katika mabano zinaonesha sentensi ambazo kila fasili imetoka.

- Alomofu: Umbo mojawapo kati ya maumbo tofauti ya mofimu moja, linalojitokeza kutegemea mazingira yake. *Mifano:* m-, mw-, mu-. (6, 7)
- Kiambishi: Mofimu isiyo mzizi, inayopachikwa kabla au baada ya mzizi. *Mifano:* wa-, -na-, -an-, -a. (3)
- Mofimu: Sehemu ya neno yenye maana au kazi ya kisarufi, isiyoweza kukatwa tena bila kupoteza maana au kazi hiyo. (1, 2)
- Mzizi: Mofimu inayobeba maana ya msingi ya neno. *Mfano:* -pig-. *Kipimo:* hubaki viambishi vyote vinapoondolewa. (3, 4)
- Shina: Sehemu ya neno inayoundwa na mzizi pamoja na kiambishi kimoja au zaidi cha unyambulishaji. *Mfano:* -pigan-. *Mpaka:* katika kazi hii irabu tamati si sehemu ya shina. (5)

Kila fasili sasa inaanza na nomino ya tabaka, na upatanisho wote unafuata nomino hiyo, si kidahizo. Jambo hili la mwisho huwateleza wengi. Katika fasili ya shina, kirejeshi ni *inayoundwa*, kwa kufuata *sehemu*. Anayeandika *linaloundwa* amefuata *shina*, ambalo halimo ndani ya fasili. Kosa la namna hiyo ni dalili kwamba sentensi imenakiliwa nusu na kutungwa nusu.

Orodha ikishaandikwa, ipitishwe katika majaribio mawili. La kwanza ni la ubadilishanaji, ambalo ISO 704 nayo inalitambua: chukua fasili, iweke mahali pa istilahi katika sentensi nyingine ya matini, kisha uisome. Katika sentensi ya (6), "Mofimu moja inaweza kujitokeza kwa maumbo tofauti", tuweke fasili ya mofimu mahali pa istilahi. Tunapata sentensi ndefu isiyopendeza, lakini iliyo kweli na isiyovunja sarufi. Sasa tuchukue sentensi inayosema "shina si mzizi" na kuweka fasili ile mbovu ya mzizi, "sehemu ya neno inayobeba maana ya msingi". Tunapata kauli kwamba shina si sehemu ya neno inayobeba maana ya msingi, nayo ni uongo. Jaribio limelikamata kosa ambalo jicho lilikuwa limelipita.

La pili ni la mishale. Andika vidahizo vyote katika karatasi, kisha kutoka kila kidahizo chora mshale kwenda kwa kila istilahi nyingine iliyotumika katika fasili yake. Kwetu alomofu inaelekea mofimu. Mzizi unaelekea mofimu. Kiambishi kinaelekea mofimu na mzizi. Shina linaelekea mzizi na kiambishi. Mofimu haielekei popote ndani ya orodha; inaishia kwenye *neno*, ambalo aya imelichukulia kuwa linajulikana. Ukifuata mishale huwezi kurudi ulikotoka. Laiti kipimo cha sentensi ya (4) kingekuwa ndiyo fasili, mshale ungetoka mzizi kwenda kiambishi na mwingine kurudi, na duara lingeonekana mara moja.

Mishale huonesha pia mapengo. Fasili ya shina inatumia "unyambulishaji", na istilahi hiyo haikufasiliwa popote katika aya. Mwandishi ataamua ama kuiongeza katika orodha, ama kuichukulia kuwa inajulikana kama *neno*. Uamuzi wowote kati ya hiyo unakubalika, mradi ufanywe kwa kujua.

7.0 Mpangilio na kinachobaki katika aya

Mpangilio wa kialfabeti umeanza na alomofu, ambayo haieleweki kabla ya mofimu. Kwa msomaji anayetafuta istilahi moja hilo si tatizo, na orodha ya tasnifu nzima haina budi kufuata alfabeti. Kwa orodha fupi iliyo mwishoni mwa sura, inayokusudiwa kusomwa yote, mpangilio wa kidhana unafaa zaidi, na michoro ya mishale tayari imeshatupatia: mofimu, mzizi, kiambishi, shina, alomofu, yaani kila istilahi baada ya zile inazozitegemea.

Alfabeti ina mtego wake wa Kiswahili. Vitenzi vikiingizwa kwa *ku-*, vyote hurundikana chini ya herufi K, pamoja na nomino nyingi za *ki-*. Ndiyo maana *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* huorodhesha vitenzi bila *ku-*. Katika orodha ya istilahi njia rahisi ni kutumia nomino ya dhana: *unyambulishaji*, si *kunyambulisha*. Istilahi za maneno mawili, kama *kiambishi awali* na *kiambishi tamati*, hukaa pamoja zenyewe kwa kuwa Kiswahili hutanguliza nomino kuu, mchopoaji asizivunje.

Swali la mwisho ni kama fasili iliyochopolewa ifutwe katika aya. Kipimo changu ni sentensi inayofuata. Ikiwa inajengwa juu ya fasili, fasili ibaki, na orodha iwe nakala iliyorekebishwa. Katika aya yetu, sentensi ya (3) haiwezi kusimama bila ya (2), na ya (5) haiwezi kusimama bila ya (3). Tukizifuta fasili, kitakachobaki ni rundo la mifano. Kinachoweza kuondoka bila madhara ni fasili iliyoingizwa kando ya hoja, kwa ajili ya msomaji mgeni, ambayo hakuna sentensi inayoitegemea. Hiyo ndiyo hasa iliyokuwa ikiisubiri orodha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba fasili iliyomo ndani ya aya ya Kiswahili mara nyingi haimo yote katika sentensi inayoonekana kuibeba. Tabaka huweza kuwa katika kiambishi cha upatanisho, sifa bainifu katika sentensi ya jirani, na mpaka katika neno *hapa*. Mchopoaji hurejesha nomino, hutamka ukinzani, hutenga kipimo na fasili, na huandika mpaka. Kisha hupima kwa ubadilishanaji na kwa mishale. Kwa mwanafunzi anayeandaa tasnifu, pendekezo linalotokana na haya ni la wakati: orodha ianze kuandikwa pamoja na sura ya kwanza yenye fasili, maana kasoro zitakazofichuliwa na orodha ni kasoro za sura, nazo hurekebishika kwa urahisi zaidi kabla sura nyingine hazijajengwa juu yake.